Siku tano za kulipoza tamko la chama chetu

Rasimu ilinifikia saa tano usiku. Mwenyekiti alikuwa ameiandika mwenyewe, akiwa ametoka kwenye kikao ambacho wanachama walimpigia kelele saa tatu mfululizo. Chini yake aliweka ujumbe mfupi: "Katibu, isome, weka muhuri, asubuhi tuitoe." Kichwa chake kilikuwa TAMKO KALI, kwa herufi kubwa. Aya ya kwanza nainukuu yote, kwa sababu siku tano zilizofuata zilikuwa safari ya kutoka hapo:

"Kwa hasira isiyo na kifani, chama chetu kinalaani vikali unyanyasaji wa kinyama unaofanywa na mamlaka isiyo na huruma, ambayo eti inalinda barabara huku ikiwanyonya kwa makusudi wasafirishaji wanyonge kwa kutumia mizani mibovu iliyochezewa. Tumechoka, na wanachama wetu wote watapandisha nauli mara moja!"

Sisi ni chama cha wenye malori ya mizigo. Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Zamani ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya lori, ikizidi uzito kidogo, dereva aliambiwa apange mzigo upya na kuendelea na safari. Kanuni mpya iliondoa nafuu hiyo, ikawa kilo yoyote inayozidi ina faini papo hapo. Wanachama wakaanza kulalamika kwamba lori lililopita salama kwenye mizani ya kwanza linakamatwa kwenye mizani ya pili, mzigo uleule, safari ileile. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Ila ukiisoma aya ya Mwenyekiti mara tatu hulioni lalamiko lenyewe. Unaona hasira tu.

Nilikuwa katibu kwa miezi saba na sijawahi kuandika taarifa ya jambo linalobishaniwa. Nilidhani kazi ni kufuta vivumishi. Usiku uleule nikafuta "kinyama", nikafuta "isiyo na huruma", "wanyonge", "mibovu", nikalala nikijipongeza. Asubuhi nilichokuwa nacho ni hiki: "Chama chetu kinalaani unyanyasaji unaofanywa na mamlaka, ambayo eti inalinda barabara huku ikiwanyonya kwa makusudi wasafirishaji." Moto ulikuwa palepale.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miongozo mingi ya uandishi wa ofisini hailisemi, pengine kwa kuwa iliandikwa kwa lugha nyingine. Kiswahili hakina vivumishi halisi vingi. Ukali wetu haukai hapo. Unakaa kwenye kitenzi, kama "kunyonya", "kuvamia", "kukomoa". Unakaa kwenye nomino iliyobeba hukumu tayari, kama "unyanyasaji". Unakaa kwenye vijineno: "eti" moja inamwita mtu mwongo bila kutumia neno mwongo. "Hata" na "tu" hufanya kazi hiyohiyo kwa siri. Linganisha "walipewa siku saba" na "walipewa siku saba tu". Unakaa kwenye kirejeshi, "wasiojali", "wanaojifanya". Kuna mwanachama aliyependekeza tuwaite maofisa wa mizani "vijana hao", na hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja hapo, lakini kila msomaji angeisikia dharau kwenye lile "hao". Baadaye nikakuta "amedai" imetumika kila mahali ambapo mamlaka inasema, na "amethibitisha" kila mahali ambapo sisi tunasema. Nikazibadilisha zote kuwa "amesema", pande zote mbili.

Siku ya pili nilichora jedwali kwenye daftari, safu mbili. Kushoto niliandika kila neno lenye joto, kulia nikaandika jibu la swali moja: mwandishi aliona nini hadi akalichagua neno hili? Nilimpigia Mwenyekiti kwa kila neno. Alichukia mwanzoni, kisha akaanza kusimulia, na masimulizi yake yakawa ndiyo taarifa.

"Kinyama, Mwenyekiti. Ulimaanisha nini?"

"Kijana wangu alilala mahabusu siku mbili, Katibu! Kisa faini ya ekseli moja, na mimi sikuwa na njia ya kuilipa usiku."

"Una karatasi ya kituo?"

"Ninayo."

Basi "kinyama" ikatoka, na mahali pake ikaingia sentensi kwamba dereva mmoja wa mwanachama alishikiliwa mahabusu kwa siku mbili hadi faini ilipolipwa. Sentensi hiyo haina kivumishi chochote cha sifa na ni nzito kuliko ile ya awali. Mtu mmoja wa kamati alinishauri niilainishe, niseme dereva "alicheleweshwa". Nilikataa, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Kupoza lugha si kuficha tukio. Kama mtu alilala mahabusu, neno la kadiri ni mahabusu.

"Mizani iliyochezewa" ilikuwa na hatari zaidi. Safu ya kulia ilikuwa na stakabadhi: wanachama 31 walikuwa wametuarifu kwamba walitozwa faini, na 19 kati yao walituletea stakabadhi za mizani mbili zenye namba tofauti. Hicho ndicho tulichokuwa nacho, tofauti ya namba. Kuchezewa ni jambo jingine kabisa. Ni kumtuhumu mtu jinai. Nilimtafuta fundi mmoja wa mizani, akanieleza kwa subira sababu nne au tano zinazofanya lori moja lipimwe tofauti mahali pawili bila mtu yeyote kufanya hila. Mzigo wa kimiminika au wa mbegu husogea njiani, hasa baada ya kupanda mlima au kufunga breki ghafla. Njia ya kuingilia mizani isipokuwa tambarare, uzito huhamia ekseli moja. Dereva akikanyaga breki wakati wa kupimwa, namba hubadilika. Mizani inayopima ekseli mojamoja haitoi jibu sawa na ile inayobeba lori zima kwa pamoja. Na mizani yenyewe inaweza kuwa imepoteza usahihi kwa sababu haijahakikiwa muda mrefu.

Ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa karibu na tuhuma yetu, na hata hiyo ni uzembe, si hila. Kwa hiyo tukaandika tunachokijua, tukasema wazi tusichokijua, na ombi likatokana na hicho tusichokijua: "Hatujui sababu ya tofauti hizi. Tunaomba mizani zote mbili zihakikiwe, na matokeo yatangazwe." Mhazini wetu, mama mtulivu anayesema mara moja kwa kikao, aliisoma akasema, "Hii wataijibu. Ile ya kwanza wangetushtaki." Hakutia chumvi. Tuhuma ya hila bila ushahidi ingetupeleka kwenye kesi ya kuchafuliwa jina, nasi ndio tungepewa mzigo wa kuthibitisha.

"Kwa makusudi" nayo iliondoka kwa njia hiyo, kwa kuwa safu yake ya kulia ilibaki tupu. Nilimuuliza Mwenyekiti tunajuaje nia yao, akanyamaza, kisha akasema, "Futa." Hii ndiyo kanuni ninayoifuata sasa. Neno ambalo upande wake wa kulia una ukweli, linabadilishwa kuwa ukweli huo. Neno ambalo upande wake wa kulia ni mtupu, linaondoka pamoja na sentensi yake, hata kama sentensi ni tamu. Aya ya mwanzo ilikuwa na maneno tisa ya kushoto. Matano yalikuwa na kitu kulia, manne hayakuwa na kitu.

Siku ya tatu nilikosea kosa la kinyume chake, na hili lilinigharimu zaidi.

Nilikuwa nimeonja ladha ya kupoza, nikaendelea kupoza. Nikageuza kila kitenzi kuwa cha kutendwa: "faini zimetozwa", "tofauti zimebainika", "wasiwasi umeonyeshwa". Nikaongeza "huenda", "kwa kiasi fulani", "baadhi ya wadau". Nikaandika kwamba chama "kinatambua changamoto zilizopo". Nilipomaliza, nilikuwa na ukurasa mzima ambao hakuna mtu ndani yake aliyefanya jambo lolote kwa mtu yeyote. Nikaupeleka kwenye kundi la kamati ukiwa safi, bila kuonyesha nilichobadilisha, bila neno la maelezo.

Ndani ya nusu saa nilikuwa msaliti. Mmoja aliuliza kama mamlaka imenilipa. Mwingine, mzee ninayemheshimu sana, aliandika, "Mwanangu, hapa umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Nililia kidogo jikoni, sisemi uongo. Kisha nikausoma ukurasa wangu kama mwanachama aliyelipa faini mara nne, nikaona mzee alikuwa na haki.

Nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Taarifa ya chama cha wafanyabiashara haiwezi kutokuwa na upande. Chama kipo kwa ajili ya upande. Kinachotakiwa kisiegemee ni lugha inayoeleza mambo yaliyotokea, ili msomaji asiye mwanachama akubali kwamba ndivyo yalivyotokea. Msimamo unatakiwa uwe wazi, mahali pake, kwa jina lake. Kutumia kitendwa kila mahali kunaficha mtenda, na kumficha mtenda ni upendeleo pia, tena kwa upande wa mwenye nguvu. Nikarudisha watenda: mamlaka ilitoza, ofisa aliandika, dereva alilipa. Nikafuta "huenda" zote isipokuwa moja iliyokuwa ya kweli. Taarifa ikagawanyika sehemu tatu zinazoonekana kwa jicho: yaliyotokea, mamlaka inasema nini, sisi tunaomba nini. Kwenye sehemu ya tatu niliandika "Tunapinga kuondolewa kwa nafuu ya uzito kwa ekseli" bila kumung'unya. Kitenzi "tunapinga" hakimtukani mtu.

Na safari hii niliituma tofauti. Niliweka ya zamani na mpya kando kwa kando, na mbele ya kila badiliko nikaandika sababu kwa mstari mmoja: hili hatuna ushahidi, hili lina kesi, hili limegeuzwa kuwa namba. Kelele zilipungua sana. Watu waliona kwamba lalamiko lao halijafutwa, limehamishwa. Ningeanza hivyo tangu siku ya kwanza, ningeokoa siku moja nzima na urafiki wa watu wawili ambao haujarudi vizuri hadi leo.

Sehemu ya katikati, "mamlaka inasema nini", ilikuwa ngumu kuliko zote. Rasimu ya Mwenyekiti ilikuwa imewapa neno moja, "eti". Mimi nilitaka kuandika hoja yao namna ambayo wao wenyewe wakisoma watasema ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema. Nilimwendea mhandisi mstaafu wa barabara, nikamwomba anieleze kwa nini kilo chache zinawasumbua. Akanichorea ekseli kwenye bahasha. Majaribio makubwa ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani, yaliyofanywa huko Illinois kati ya 1958 na 1960, yaliendesha malori juu ya vipande vya barabara mchana na usiku hadi vikachakaa, na kutoka hapo wahandisi wakapata kanuni ya kukadiria: uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ekseli ikizidi kwa asilimia 10, uharibifu hauongezeki kwa asilimia 10. Unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Ni kanuni ya makadirio, alisisitiza, na hubadilika kulingana na aina ya barabara, lakini ndiyo sababu wanahesabu ekseli na si lori zima.

Nilirudi nimepoa kidogo, nakiri. Tuliandika: "Mamlaka inaeleza kwamba uzito unaozidi kwenye ekseli huharibu barabara kwa kasi kubwa kuliko ongezeko la uzito wenyewe, na kwamba nafuu ya awali ilitumiwa vibaya na baadhi ya wasafirishaji. Chama kinakubaliana na hoja ya kwanza. Kuhusu ya pili, tunaomba takwimu." Kuna mwanachama aliyeona tumejisaliti kwa kukubali. Lakini kukubali hapo kulituwezesha kusogeza hoja yetu mahali penye nguvu. Kama kilo chache ni muhimu hivyo, basi ni muhimu zaidi kwamba mizani izipime sawasawa. Hoja hiyo haikuwemo kabisa kwenye rasimu ya kwanza, hasira iliifunika.

Siku ya nne wakili alisoma. Nilitarajia aguse neno la mahabusu. Hakuligusa. Aliweka kidole kwenye sentensi ambayo mimi niliiacha kwa kuwa haikuwa na neno kali hata moja: "wanachama wetu watapandisha nauli". Nilikuwa nimeondoa "wote", "mara moja" na alama ya mshangao, nikadhani imetulia. Akaniambia hiyo ndiyo sentensi hatari kuliko zote kwenye karatasi. Katika nchi nyingi sheria za ushindani zinakataza washindani kukubaliana bei, na chama cha wafanyabiashara ni mahali ambapo washindani hukutana. Tangazo la chama kwamba wanachama watapandisha bei linaweza kusomwa kama ushahidi wa makubaliano hayo, hata likiandikwa kwa upole gani. Kila msafirishaji anaamua nauli yake mwenyewe. Chama kinaweza kusema gharama imeongezeka na kueleza kwa nini. Kisiseme wanachama watafanya nini na bei zao, wala kupendekeza. Tukaandika kwamba muda wa kusubiri kwenye mizani na kupakua ziada ni gharama kwa msafirishaji, tukaishia hapo.

Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu sijaona mtu akilisema. Tunakimbizana na maneno yanayochoma, na sentensi baridi inayoweza kukipeleka chama mahakamani inapita katikati ya miguu yetu.

Kabla ya kutoa, tulifanya jaribio moja ambalo sasa sitoi karatasi bila kulifanya. Mhazini aliisoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye si msafirishaji wala si mtu wa mamlaka, kisha akamwuliza maswali mawili: nani alifanya nini, na hawa wanataka nini. Akijibu yote mawili bila kurudia kusoma, karatasi iko tayari. Akisema "inaonekana mna hasira sana", bado. Akisema "sijaelewa mnalalamikia nini", tumepoza kupita kiasi. Tulilazimika kurudi mara moja, kwa sababu ya neno "nafuu", ambalo yeye alilielewa kama punguzo la faini. Tukaongeza nusu sentensi ya kueleza.

Kichwa kilikuwa ugomvi wa mwisho. "Tamko kali" lilitoka kwa shida. Kwetu tamko lina uzito wa kutangaza vita, na likiitwa kali msomaji ameshapanga upande kabla ya mstari wa kwanza. Mwenyekiti alipigania angalau "Tamko" libaki. Tukaishia "Taarifa ya chama kuhusu vipimo vya uzito na faini za ekseli". Alisema inachosha. Inachosha kweli.

Aya ya kwanza iliyotoka ilikuwa hivi:

"Tangu kanuni mpya ya uzito ianze kutumika, wanachama wetu 31 wametuarifu kwamba walitozwa faini ya kuzidisha uzito wa ekseli. Kati yao, 19 wametuletea stakabadhi za mizani mbili za safari moja zinazoonyesha uzito tofauti kwa ekseli ileile. Dereva mmoja alishikiliwa mahabusu kwa siku mbili hadi faini ilipolipwa. Hatujui sababu ya tofauti za vipimo. Tunaomba mizani husika zihakikiwe na matokeo yatangazwe, na tunapinga faini kutozwa papo hapo hadi hilo lifanyike."

Baada ya wiki mbili mamlaka ilijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Haikukana wala kukubali. Iliomba nakala za zile jozi 19 za stakabadhi. Nilipokaa kuzipanga niliona kosa langu la mwisho, nalo ni langu peke yangu. Nilikuwa nimezihesabu stakabadhi bila kuzisoma. Jozi moja ilikuwa ya safari mbili tofauti, tarehe zimepishana siku sita. Jozi nyingine ilikuwa ya lori lililoshusha sehemu ya mzigo kati ya mizani ya kwanza na ya pili. Zilikuwa 17.

Nilimpigia Mwenyekiti nikiwa natetemeka. Alikaa kimya, kisha akauliza marekebisho yatakuwa marefu kiasi gani. Nikamwambia ni mstari mmoja: pale palipoandikwa 19, pasomeke 17. Kama tungekuwa tumeandika "mizani iliyochezewa", sijui tungeandika nini kwenye mstari huo. Tuliutuma siku ileile pamoja na stakabadhi zote, zile mbili zikiwa zimetengwa na maelezo yake.

Alipousoma mstari huo kabla haujatumwa, Mwenyekiti aliniuliza kama anaweza kuongeza neno moja, "tunasikitika". Nilimuuliza kulia kwake kuna nini. Akacheka, akasema, "Masikitiko, Katibu. Safari hii ni ya kweli." Nikaliacha.